Bi Huenda na Tanuri la Ukutani

Siku ya ndoa yake, alipoulizwa mbele ya watu kama amemkubali bwana aliyesimama pembeni yake, alijibu: "Ndiyo, kwa kadiri ninavyomjua mpaka leo."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mama mkwe akakohoa kikohozi kile cha kuagiza watu wamwangalie. Bwana harusi, fundi saa mwenye subira ya kazi yake, akasema hilo ndilo jibu la kweli kuliko yote aliyowahi kuyasikia harusini. Wamezaa, wamelea, wameota mvi pamoja, na bibi huyo hajabadilisha jibu lake. Hajaliondolea masharti pia.

Anaitwa Bi Huenda. Jina la kwenye kitambulisho analitumia benki tu. Ukimuuliza kama chakula kimeiva, anafunua sufuria, anachungulia, anafunika, anakuambia kuna uwezekano mkubwa. Jirani akimuuliza kama mvua itanyesha, anamuuliza jirani, "Kwa ushahidi gani?" Watoto wake walijifunza mapema kwamba mama akisema "hapana shaka utachapwa," hapo ni kukimbia, maana mama hatumii neno hilo ovyo.

Kazi yake ni kutafsiri. Anakaa kwenye ofisi ya wakili, ghorofa ya kwanza juu ya duka la magodoro, kwenye meza iliyobanwa kati ya kabati la mafaili na dirisha lisilofunguka. Mawakili wanaandika maoni yao kwa lugha ya mahakamani, lugha ambayo hata ukiomba chumvi mezani lazima uanze na "bila kuathiri haki zangu nyingine." Wateja wengi wa ofisi ile wanaota ndoto, wanagombana na wanapiga hesabu kwa lugha yetu hii. Katikati ya hao wawili yupo Bi Huenda na kamusi zake tatu, moja haina jalada.

Ukutani, kando ya kalenda ya kampuni ya matairi, amebandika karatasi anayoiita Ngazi. Ina vidato vitano. Juu kabisa: *hapana shaka*. Chini yake: *tunatarajia*. Cha katikati ni kirefu kama treni: *kuna uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa hivyo kuliko kutokuwa hivyo*. Kinafuata: *ipo hoja ya kutetea*. Na chini kabisa, pale ambapo wakili anakuwa mtu kama wewe na mimi: *hatuwezi kusema*. Kila namna ya wakili kusema kwamba ana hakika, au ana hakika nusu, au anaomba Mungu, ina kidato chake, na kila kidato kina maneno yake yaleyale, leo na kesho. Hakuna kupandisha kidato kwa sababu mteja analia. Hakuna kushusha kwa sababu mteja ana kiburi.

Ngazi hiyo aliitunga pamoja na Wakili Mkubwa, mwenye ofisi, jitu la miraba minne lenye sauti ya kitoto. "Mimi napima shaka kama mfamasia anavyopima dawa," huwa anasema kwa kisauti chake. "Ukimwaga tone njiani, Bi Huenda, mgonjwa ni wako."

Basi asubuhi moja, siku ya mwisho ya mwezi, Wakili Mkubwa akaingia na joho begani, akamwekea mezani kurasa sita.

"Za Mama Mikate. Anazitaka leo. Mimi naenda mahakamani, simu itakuwa imezimwa mpaka nitoke. Kama una maswali, niulize sasa nikiwa bado binadamu."

Mama Mikate alijulikana mtaa mzima. Alikuwa na duka la kuoka mikate kwenye jengo la kupanga kona ya barabara, na harufu ya duka lile iliwaamsha watu kabla ya kengele za simu zao. Mwenye nyumba wa zamani alimpenda, akampa kwa maandishi haki ya kuongeza miaka mitano mkataba ukiisha. Maandishi hayo hayakusajiliwa popote. Mzee akafa, warithi wakauza jengo, na mwenye nyumba mpya, muuza vigae anayeitwa Tajiri wa Vigae, akatangaza kwamba yeye ana mipango mingine. Swali kwa wakili lilikuwa fupi: ahadi ya marehemu inambana huyu mpya, au haimbani?

Na swali hilo lilikuwa na haraka. Mama Mikate alitaka kujenga tanuri jipya, kubwa, la matofali, lililoshikana na ukuta wa jengo. Ili alipate angeweka rehani nyumba yake anayolala. Akijenga halafu akafukuzwa, tanuri linabaki na ukuta, nyumba inakwenda na benki, na yeye anabaki na unga kwenye nyusi.

Bi Huenda akasoma kurasa zote kabla ya kutafsiri hata mstari. Alipofika ya nne akainua kichwa.

"Bosi, hapa unasema uwezekano ni mkubwa zaidi kuliko kutokuwepo. Huku chini unasema upande wetu ndio wenye hoja nzito zaidi. Ni kidato kimoja au viwili?"

Wakili Mkubwa akasoma, akajikuna kidevu. "Kimoja. Hiyo ya pili niliandika nikiwa na njaa, nikataka ipendeze."

"Na hii 'hatari halisi'? Ni hatari ndogo, kubwa, au unatisha tu?"

"Si ya kutisha tu. Haiwezi kupuuzwa, lakini sijasema ni kubwa."

"Nitaandika hatari isiyoweza kupuuzwa. Sitaongeza kubwa."

"Usiongeze, usipunguze," akasema, akatoka, ngazi za mbao zikamlalamikia hadi chini.

Bi Huenda akaandika kwa kasi. Alipomaliza akampa Shangazi. Shangazi alikuwa karani wa mapokezi, shangazi wa kila mtu, na alikuwa na kazi ya pili isiyoandikwa kwenye mkataba wake: kurudisha. Yeye hasomi maoni ya asili. Anasoma tafsiri peke yake, kisha anasimulia kwa mdomo wake alichoelewa, kana kwamba yeye ndiye mteja, huku Bi Huenda akifuatilia kwenye asili kwa kidole. Kikikosekana kitu, au kikizidi, wanakiona hapo.

Shangazi akavua miwani. "Nimeelewa kwamba mna matumaini naye, halafu ukurasa wa tatu mna matumaini kidogo zaidi, halafu wa nne mmekata tamaa kidogo. Kwa nini mnampandisha na kumshusha mama wa watu kama ndoo ya kisima?"

Bi Huenda akatazama kazi yake, masikio yakapata moto. Ukurasa wa pili aliandika maneno ya Ngazi. Wa tatu akaandika "yaelekea sana". Wa nne, "si ajabu ikawa". Wakati huo mkono ulikuwa umekolea, na mwalimu wake wa insha, Mungu amrehemu, aliwahi kumcharaza kwa kurudia maneno. Kidato kimoja cha wakili kilikuwa kimezaa vitatu, kwa sababu ya urembo tu.

"Nimejipamba," akasema.

"Umejipamba, ndiyo. Futa rangi hiyo."

Akafuta. Treni ile ndefu ikapita mara tatu kwenye kurasa tatu, behewa kwa behewa, bila aibu. Shangazi akarudisha tena, safari hii ikakaa. Wakazipiga picha kurasa, wakamtumia Wakili Mkubwa, naye akajibu akiwa kwenye ngazi za mahakama, dakika chache kabla ya kuzima simu: *Sawa. Mpeni mkononi. Msomeeni sehemu ya mwisho kwa sauti.*

Kumbe kazi ilikuwa imeshaharibiwa upande wa pili wa chumba.

Pale alikaa Wakili Mdogo, binti aliyemaliza shule ya sheria juzijuzi, mwenye viatu virefu na imani ndefu zaidi. Simu ya ofisi ilikuwa imelia, akaipokea. Alikuwa kaka yake Mama Mikate, mtu anayeitwa Injinia. Uinjinia wake ulikuwa ni kufunga matangi ya maji juu ya mapaa, na matangi mawili kati ya matatu yalikuwa bado huko juu.

"Mwanangu," Injinia alisema, "nipe kwa ufupi tu. Tuko vizuri au hatuko vizuri?"

Na Wakili Mdogo, ambaye hajawahi kuulizwa swali la kisheria na mtu mzima, akajibu kwa furaha: "Kwa ujumla, mko vizuri."

Basi. Shaka ni barafu: ukiitoa kwenye karatasi lazima uibebe haraka na kwa chombo chake. Wakili Mdogo aliimwaga nusu kwenye simu. Injinia akaenda na nusu iliyobaki mfukoni, akitembea juani. Alipofika dukani kwa dada yake hapakuwa na hata tone. Akapiga kiganja kwenye meza ya kukandia, unga ukapaa, akatangaza: "Wakili kasema tumeshinda!"

Habari zikamfikia Shangazi kwa simu, katikati ya vigelegele. "Njooni mle keki!" Mama Mikate alikuwa akipiga kelele. "Muuza matanuri yupo hapa na mkataba, hati ya nyumba nimeitoa, natia saini sasa hivi!"

Shangazi akaweka simu chini taratibu. "Bi Huenda, wewe kwenye kurasa zako kuna neno kushinda?"

"Hakuna."

"Basi kimbia."

Bi Huenda hakuwa mtu wa kukimbia. Mara ya mwisho alikimbia akiwa na meno ya utoto. Lakini alishuka zile ngazi kama gunia la viazi, kurasa kifuani, akakatiza katikati ya magodoro yaliyoanikwa njiani, na Wakili Mdogo nyuma yake, viatu vikigonga lami ko-ko-ko, akiuliza, "Kwani nimesema nini? Nilisema vizuri tu! Vizuri si neno la kisheria!"

"Ndiyo maana!" akajibu Bi Huenda bila kugeuka.

Dukani ilikuwa sherehe. Waokaji walicheza na makofia yao meupe. Injinia alikuwa amepanda juu ya kreti, anapima ukuta kwa mikono akionyesha tanuri litakapokaa. Muuza matanuri, kijana nadhifu mwenye kompyuta ya mapajani na kichapishi kidogo cha kubeba kwenye begi, alikuwa amefungua ukurasa wa saini. Mama Mikate alikuwa ameshika kalamu kwa mkono wenye unga.

"Mama, subiri kwanza!" Bi Huenda akahema. "Nimekuletea maoni."

"Nimeshayasikia, mdogo wangu! Kata keki!"

"Ulichosikia ni cha kaka yako. Haya ni ya wakili."

Injinia akateremka kwenye kreti. "Haya, Bi Huenda kaja. Jamani, ficheni furaha zenu, mtu huyu hulipwa kwa kila huenda."

Waokaji wakacheka. Bi Huenda hakucheka wala hakununa. Akavuta stuli, akakaa, akasoma kwa sauti ileile anayosomea mapishi.

"'Kuna uwezekano mkubwa zaidi wa mahakama kuamua kwamba mwenye nyumba mpya anabanwa na ahadi hiyo, kuliko kuamua kwamba habanwi, kwa sababu kabla ya kununua alifika dukani na kuuliza juu yake. Hata hivyo suala hili halijaamuliwa na mahakama ya juu, na yupo jaji mmoja wa mahakama ya chini aliyeamua kinyume.'"

"Si ndiyo hiyo!" Injinia akapiga makofi. "Uwezekano mkubwa! Tumeshinda kwa maneno marefu!"

"Mkubwa zaidi kuliko kutokuwepo, kaka. Soma lote."

"Asilimia ngapi? Nipe namba. Tisini?"

"Wakili hakuandika namba."

"Themanini basi, tusigombane."

"Hatuko sokoni. Hakuandika namba, sitamwandikia."

Mama Mikate alikuwa bado na kalamu, lakini kichwa kilikuwa kimeinama upande, kama anavyosikiliza mkate kwa kuugonga tumboni ajue umeiva ndani. "Hebu nielewe. Anasema tutashinda, au anasema yeye akilazimishwa kuchagua upande, atachagua wetu?"

"Hilo la pili," akasema Bi Huenda, na moyo wake ukaruka kwa furaha, maana katika miaka yake yote ya kazi hakuna aliyewahi kukirudisha kidato cha tatu vizuri namna ile. "Hilo hasa!"

"Na tanuri?"

"'Ipo hatari isiyoweza kupuuzwa kwamba gharama ya kitu chochote kitakachoshikanishwa na jengo kabla ya uamuzi wa mahakama haitarudishwa.'"

Muuza matanuri akaanza kusafisha skrini yake kwa kitambaa, kazi isiyohitajika.

"Maneno ya kutisha," Injinia akasema. "Mawakili wote wanaandika hivyo ili baadaye wasilaumiwe. Dada, tia saini. Huyu mama akiulizwa jina lake atasema inategemea."

"Bado sehemu ya mwisho," akasema Bi Huenda. "Nimeagizwa niisome."

"'Maoni haya tumeyatoa kwa kuchukulia kwamba mteja ameshampa mwenye nyumba mpya taarifa ya maandishi ya kuongeza mkataba. Mteja ametueleza kwamba alimwarifu. Sisi hatujaiona taarifa hiyo wala hatujathibitisha kwamba ipo. Kama haijatolewa, itolewe mara moja. Iwapo mwezi huu utakwisha kabla taarifa ya maandishi haijamfikia mwenye nyumba au mwakilishi wake, hapana shaka haki ya kuongeza mkataba itapotea.'"

Tanuri la zamani likasikika likinguruma peke yake.

Katika kurasa zote sita, *hapana shaka* ilikuwa imetumika mara hiyo moja tu. Wakili Mdogo, ambaye kurasa hizo alizisoma asubuhi akiruka sehemu ya mwisho kwa kuwa huko ndiko mawakili huweka mambo ya kawaida, akashika meza.

"Mama," akauliza, "taarifa ya maandishi ulimpa?"

"Nilimwarifu! Alikuja hapa, nikamkatia keki, nikamwambia naendelea na miaka yangu mitano. Akasema sawa, sawa mama. Akachukua na kipande cha pili."

"Kwa maandishi?"

Mama Mikate akageuka polepole kumwangalia kaka yake. "Si wewe uliniambia watu wazima hawaandikiani barua?"

Injinia akaangalia ukuta aliokuwa anaupima. "Alisema sawa mara mbili," akasema.

"Na leo ni tarehe ngapi?" akauliza mwokaji mmoja, ingawa wote walikuwa wanaijua.

Halafu duka zima likalipuka. Kila mtu akatoa amri, hakuna wa kuipokea. Mama Mikate akamshika Bi Huenda mabega, akamwachia alama kumi za unga. "Niandikie wewe! Unajua maneno!"

"Mimi si wakili, mama. Maneno nayahamisha tu. Wakili ni huyu."

Macho yote yakamwendea Wakili Mdogo. Akajaribu kumpigia bosi wake, simu imezimwa. Akafumba macho. Alipoyafumbua alikuwa amekua kidogo.

"Naweza," akasema. "Hii nimefundishwa. Nani ana kompyuta?"

Hapo ndipo muuza matanuri, aliyekuwa anaifunga yake kimyakimya, akajikuta anaombwa na wanawake watatu na mikono sita. Akaona biashara ya maisha yake ikigeuka kuwa ofisi ya kuchapa. Lakini alikuwa mwana wa mtu, akaifungua tena. Wakili Mdogo akaandika aya tatu bila pambo hata moja: mimi mpangaji, kwa mujibu wa maandishi ya siku fulani, natumia haki yangu kuongeza mkataba kwa miaka mitano. Hakuna huenda, hakuna iwapo. Bi Huenda akasoma begani kwake, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Hapa wewe ndiye unayesema unachotaka," akamwambia Mama Mikate. "Mashaka ni ya wakili. Taarifa yako haina haja nayo."

Kichapishi kikakohoa nakala mbili, Mama Mikate akatia saini zote mbili, kidole chake kikaacha na saini ya unga bila kuombwa.

Wakatoka mbio. Wakili Mdogo alivua viatu, akavishika mkononi kama samaki wawili, akaongoza. Mama Mikate alifuata na aproni yake. Bi Huenda alikuwa wa tatu, akihema na kucheka, hajui kwa nini anacheka. Injinia alikuwa nyuma kabisa akisema njia ya mkato anaijua, na hakuna aliyemfuata.

Duka la vigae lilikuwa na kiyoyozi na karani. Karani alikuwa na muhuri, na mtu mwenye muhuri unamjua hata akiwa uchi.

"Bosi hayupo. Njooni kesho."

"Kesho ni mwezi mwingine," akasema Wakili Mdogo, peku juu ya vigae vya maonyesho. "Mkataba unasema mwakilishi wake anatosha. Wewe unampokelea barua?"

"Barua napokea. Hii sijui kama ni barua."

"Ina saini?" akauliza Bi Huenda kwa upole. "Ina jina la bosi wako? Imeletwa kwa mkono? Kwa ushahidi uliopo, kaka, uwezekano wa kuwa barua ni mkubwa."

Karani akasita. Akanusa. Ndipo akamtambua Mama Mikate chini ya jasho lile. "Ah, mama! Ni wewe? Mikate yako ndiyo chai yangu!"

"Na mwakani utakunywa chai yako na nini, mwanangu? Na kigae?"

Wateja waliokuwa wakichagua rangi za bafu wakaanza kucheka. Wakili Mdogo akaeleza, kwa heshima zote, kwamba akikataa wataiacha mezani mbele ya mashahidi hawa wazuri na kupiga picha, na kwamba muhuri ungerahisisha siku ya kila mtu. Karani akatazama mlango wa ndani, akatazama mashahidi, akavuta kidau cha wino. Pwa! Pwa! IMEPOKELEWA, na tarehe, kwenye nakala zote mbili. Moja kichwa chini, lakini ilisomeka. Akatia na saini.

Mlango wa ndani ukafunguka, Tajiri wa Vigae akatokeza, mkononi kikombe cha chai na kipande cha mkate.

"Kuna nini hapa?"

"Nimekuletea barua, baba," akasema Mama Mikate kwa adabu, akitazama mkate ule. "Sawa?"

Mtu yule akaisoma, uso ukabadilika rangi kama sampuli za ukutani kwake. Safari hii hakusema sawa hata mara moja.

Nje, Mama Mikate alimkumbatia Wakili Mdogo hadi viatu vikaanguka. Wakarukaruka barabarani kama watoto waliofunga shule. Injinia alifika wakati huo, akauliza, "Sasa je? Sasa tumeshinda?"

Wote wakamgeukia Bi Huenda. Akafuta jasho, akafikiri kwa haki.

"Sasa hatujapoteza. Kidato ni kilekile."

Jioni Wakili Mkubwa alirudi, akasikiliza habari yote amekaa juu ya kona ya meza. Wakili Mdogo alieleza mwenyewe habari ya simu, hakuficha neno. Wakili Mkubwa akamwambia kwamba kwa mteja hakuna ufupi usio na bei, kisha akaomba kuona muhuri, akautazama kwa muda mrefu kama picha ya mjukuu. Akaandika maoni upya. Pale palipokuwa na "kwa kuchukulia" akaandika "tumeona nakala yenye muhuri wa kupokelewa." Sehemu nyingine zote hakuzigusa. Bi Huenda alitafsiri sentensi hiyo moja, akaichapa kwa vidole vyote kumi, na Shangazi aliporudisha alisema, "Nimeelewa kwamba mlango mmoja umefungwa kwa komeo, na mingine bado mnaishikilia kwa mgongo."

Mama Mikate hakuweka nyumba rehani. Alikaa na kurasa zake nyumbani, akazisoma mwenyewe, akazirudia, kisha akampigia muuza matanuri.

"Nyinyi hamna tanuri lisiloshikana na ukuta?"

Lilikuwepo. Dogo kuliko lile, la chuma, lenye magurudumu manne na breki. Lililetwa wiki iliyofuata, na waokaji walilizungusha dukani mara kadhaa kabla ya kuliwasha, kwa sababu tu lilikuwa linaweza kuzunguka. Kesi ilifunguliwa na bado inaendelea, kama kesi zinavyopenda. Ikishindikana huku, tanuri litasukumwa hadi duka lingine, na mtaa mzima umeshaapa kusaidia kusukuma.

Injinia alinuna siku kadhaa. Halafu, kwa kumchokoza Bi Huenda, akachukua rangi na brashi akaandika kibao kikubwa juu ya mlango wa duka:

MIKATE MOTO KILA SIKU. MWAKANI TUTAKUWA HAPA HAPA (KUNA UWEZEKANO MKUBWA ZAIDI WA KUWEPO KULIKO KUTOKUWEPO).

Alitegemea watu wacheke, na walicheka, wakapiga picha, wakanunua mikate. Bi Huenda alisimama chini ya kibao hicho asubuhi akienda kazini, akakisoma neno kwa neno huku kidole kikifuatilia hewani. Injinia alimngoja mlangoni, tayari kwa ugomvi.

"Nani alikuandikia hiki?" akauliza Bi Huenda.

"Mimi mwenyewe."

"Hakina kosa," akasema, akaingia kununua mkate.